Kupima karatasi kwa mionzi ya beta: chanzo kipi, na kitaona tofauti ndogo kiasi gani?

Karatasi ya krafti ya mifuko ya saruji ikitoka kwenye mashine kwa kasi ya mita 600 kwa dakika, haisubiri mtu akate kipande akakipime kwenye mzani wa maabara. Fundi akitumia dakika tano kwenda na kurudi, kilomita tatu za karatasi zimeshaviringishwa. Kama zilikuwa nzito kupita kiasi, kiwanda kimepoteza massa. Kama zilikuwa nyepesi, mfuko utapasukia mikononi mwa mpakiaji.

Ndiyo maana viwanda vya karatasi na plastiki hufunga kipimo cha beta. Chanzo kidogo cha mionzi hukaa ndani ya kichwa cha chini, na kigunduzi, ambacho mara nyingi ni chemba ya ayoni, hukaa kwenye kichwa cha juu. Vichwa hivyo viwili husafiri pamoja juu ya fremu kutoka ukingo hadi ukingo, huku karatasi ikipita katikati yao bila kuguswa. Chembe za beta ni elektroni zenye kasi kubwa. Nyingine hukwama ndani ya karatasi na nyingine hupenya, na kadiri karatasi inavyokuwa nzito ndivyo zinazofika juu zinavyopungua.

Neno “nzito” hapa si la bahati mbaya. Kipimo hiki hakioni unene kwa milimita, kinaona uzito wa kila mita mraba, yaani gramu zilezile ambazo wachapaji huzitaja wanaposema “karatasi ya gramu 80”. Karatasi ikibanwa na rola ikawa nyembamba zaidi bila kupoteza nyuzi, usomaji haubadiliki. Kwa plastiki, anayetaka unene hugawa gramu hizo kwa msongamano. Filamu ya polithini yenye mikromita 50 na msongamano wa 0.92 ina gramu 46 kwa mita mraba.

Vyanzo vitatu mezani

Mhandisi anayenunua kipimo kwa kawaida huwekewa mbele vyanzo vitatu. Promethi-147 hutoa beta dhaifu, ambazo nishati yake ya juu kabisa ni MeV 0.225, na nusu-maisha yake ni miaka 2.6. Kriptoni-85, ambayo ni gesi iliyofungiwa ndani ya kapsuli, ina MeV 0.687 na nusu-maisha ya miaka 10.8. Cha tatu ni stronti-90, ambayo huzaa itri-90 yenye beta kali za MeV 2.28, na yenyewe hupungua nusu baada ya miaka 29 hivi.

Beta za chanzo kimoja hazitoki na nishati moja, huanzia karibu sifuri hadi ile ya juu kabisa. Kwa bahati njema, mchanganyiko huo hufanya kupenya kwake kufuate kanuni rahisi kwa ukaribu mzuri:

I = I0 · e^(−μx)

I0 ni usomaji pengo likiwa tupu, I ni usomaji karatasi ikiwepo, x ni gramu kwa mita mraba, na μ ni uwezo wa kila gramu kuzuia beta. Kwa makadirio ya mwanzo, μ hupatikana kwa kugawa 0.0017 kwa nishati ya juu iliyopandishwa kwa kipeo cha 1.43. Matokeo yake ni karibu 0.014 kwa promethi, 0.003 kwa kriptoni na 0.0005 kwa stronti. Kanuni hii ilitokana na vipimo, hivyo ikikosea kwa asilimia kumi au zaidi isishangaze. Kazi yake ni kuchagua chanzo. Usomaji wa kila siku hutegemea ulinganishaji uliofanywa kwa karatasi halisi za kiwanda chenyewe.

Sasa iwekwe krafti ya gramu 80. Promethi itapitisha karibu asilimia 33 ya beta zake, kriptoni asilimia 79, na stronti asilimia 96. Hapo stronti imeshajitoa. Karatasi hiyo kwake ni kama haipo, na kitu kisichozuia chochote hakiwezi kupimwa kwa kuangalia kilichozuiwa.

Lakini kuzuia sana nako kuna hasara, kwa kuwa kigunduzi kinabaki na chembe chache mno za kuhesabu. Hesabu inaonyesha kwamba kwa chembe zilezile zinazoingia, kosa la asilimia huwa dogo kabisa pale μ ikizidishwa kwa x inapotoa 2, yaani beta asilimia 14 tu zinapopenya. Eneo hilo la kosa dogo ni pana. Zao likiwa popote kati ya 1 na 3, hasara haizidi theluthi moja ya kosa dogo kabisa. Kwa gramu 80, promethi ina 1.1, kriptoni ina 0.24, na stronti 0.04.

Gramu ngapi zinaonekana?

Beta hazitoki kwa mpangilio. Zikihesabiwa N katika muda fulani, hesabu inayofuata itayumba kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha N, hata kama karatasi haijabadilika kabisa. Kuyumba huko, kukigeuzwa kuwa gramu, ni:

σ = 1 / (μ · √N)

Tuseme kriptoni ya gigabekereli 10, yaani migawanyiko bilioni kumi kwa sekunde, na beta moja kati ya elfu ndiyo inayoingia kwenye chemba pengo likiwa tupu. Katika sehemu ya kumi ya sekunde zitaingia milioni moja. Wakati huo mita moja ya karatasi imeshapita, kwa hiyo kila usomaji ni wastani wa mita hiyo.

Karatasi ikiwepo, zinabaki 787,000. Kipeuo chake cha pili ni 887, na σ inakuwa gramu 0.38, karibu nusu ya asilimia moja. Promethi yenye mwanzo uleule wa milioni moja itabaki na 326,000 tu, lakini σ yake ni gramu 0.13. Stronti itabaki na 961,000 na kuyumba kwa gramu 2. Chanzo kinachopoteza beta nyingi ndicho kinachoona vizuri zaidi, jambo linalowashangaza wengi mara ya kwanza.

Je, kiwanda kinunue promethi? Kama kinatengeneza karatasi au filamu nyepesi tu, ndiyo, kikikubali kuibadilisha mapema. Baada ya karibu miaka minane promethi imebaki na moja ya nane ya nguvu yake, na kuyumba kumefika gramu 0.35, karibu sawa na kriptoni mpya. Kama mashine ileile hutengeneza pia karatasi ngumu ya gramu 300, jibu hubadilika. Kwa gramu 300 fomula pekee itasema vyanzo hivi viwili bado vinakaribiana, na hapo fomula inadanganya. Beta kali kabisa ya promethi hukwama kwenye gramu 500 hivi. Ukijumlisha karatasi, hewa na madirisha ya vichwa, mkunjo wa kupenya umeanza kuachana na kanuni, na asilimia moja na nusu iliyobaki inazamishwa na mkondo wowote mdogo wa ziada kwenye vifaa vya umeme. Kriptoni kwa gramu hizo bado inapitisha asilimia 41. Kiwanda chenye karatasi za aina nyingi hufanya vizuri kukubali gramu 0.38 na kuchukua kriptoni, kisha kusubiri sekunde nzima badala ya sehemu ya kumi. Kuyumba kutashuka hadi gramu 0.12.

Stronti ibaki kwa mabamba. Bamba la PVC la milimita moja lina gramu 1,400, ambako kriptoni hupitisha chini ya asilimia 2 na stronti karibu nusu.

Kosa ambalo chanzo hakiwezi kulitibu

Wauzaji hupenda kuzungumzia kuyumba kwa chembe, kwa sababu hupungua mtu akilipia chanzo kikubwa zaidi. Kiwandani adui mkubwa ni hewa. Pengo la sentimita mbili lina hewa ya karibu gramu 24 kwa mita mraba, na beta hazibagui hewa na karatasi. Hewa hiyo ikipata joto kutoka nyuzi 30 hadi 40, inapoteza gramu 0.8. Hiyo ni asilimia moja nzima ya krafti yetu, mara mbili ya kuyumba kwa kriptoni, na kusubiri hakusaidii hata kidogo. Kipimo kilicholinganishwa Dar es Salaam kikihamishiwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya pengo lilelile itapungua kwa karibu moja ya sita, yaani gramu 4 hivi. Pengo liwe jembamba, joto lake lipimwe, na vichwa vitoke nje ya karatasi kila baada ya muda ili kusoma pengo tupu upya.

Usomaji huo wa pengo tupu una faida nyingine. Kriptoni hupungua kwa karibu nusu asilimia kwa mwezi. Fundi akiona usomaji umeshuka kwa asilimia 3 katika mwezi mmoja, asilimia 2.5 si uchakavu wa chanzo. Akigawa 0.025 kwa 0.003 anapata gramu 8 kwa mita mraba: ni vumbi la massa lililoganda kwenye dirisha.

Maji nayo ni uzito. Krafti ya gramu 80 yenye unyevu wa asilimia 7 ina gramu 74.4 za nyuzi. Unyevu ukipanda hadi asilimia 9, mitambo ya kudhibiti itapunguza nyuzi hadi 72.8 ili jumla ibaki 80, na kipimo cha beta kitaonyesha mstari ulionyooka siku nzima. Dalili hutokea kwenye mzani wa maabara baada ya kukausha sampuli. Bila kipimo cha unyevu pembeni, cha mionzi ya infraredi kwa mfano, mashine hiyo inauza maji.

Mkono na dirisha

Kwenye mpango wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, vipimo vya unene vya beta kwa kawaida huwa kundi la 4 kati ya matano, ambapo la 1 ndilo hatari zaidi. Hilo halimruhusu mtu kuingiza mkono kwenye pengo wakati shata iko wazi. Beta za promethi hufika sentimita 40 hivi hewani, za kriptoni mita 2, na za stronti mita 9. Karatasi inapokatika na vipande kukwama kati ya vichwa, shata ifungwe kwanza na taa ithibitishe, ndipo mtu avute vipande.

Dirisha la chanzo ni karatasi nyembamba ya metali. Bisibisi au brashi ya waya inaweza kulitoboa, kwa hiyo vumbi lipulizwe au lifutwe jinsi mtengenezaji alivyoelekeza. Kriptoni ikivuja hutawanyika na haishiki mwilini, lakini stronti huingia kwenye mifupa, na hii ni sababu nyingine ya kutoichukua pale kriptoni inapokidhi haja. Nchini Tanzania leseni ya kumiliki chanzo hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na nchini Kenya hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Mkataba wa ununuzi ueleze nani atakirudisha chanzo kikichoka na kwa gharama ya nani, kabla kapsuli haijafika kiwandani.