Chungu, Kinu na Tangazo: Kuiandaa Siku ya Utamaduni ya Waswahili Ughaibuni kwa Mfano wa Wanajamii kutoka Kitui na Makueni

Utangulizi

Tangu UNESCO ilipotangaza, mwezi Novemba 2021, kwamba tarehe 7 Julai itakuwa Siku ya Kiswahili Duniani, vyama vingi vya wazungumzaji wa Kiswahili walioko ughaibuni vimepata tarehe ya kuegemeza sherehe zao za kila mwaka. Kupata tarehe, hata hivyo, si kupata sherehe. Makala haya yanachunguza maandalizi ya siku moja ya namna hiyo katika mji mmoja wa Uingereza, ambapo mwandishi alikuwa mmoja wa wanakamati. Chama chenyewe kilikuwa na familia zipatazo arobaini: Watanzania, Wakongomani, watu wa Mombasa na Lamu, na kundi kubwa la Wakamba kutoka Kitui na Makueni. Mwaka huo zamu ya kuandaa chakula, muziki na shughuli za watoto iliwaangukia Wakamba hao.

Swali la kwanza kamatini lilihusu lugha. Je, Mkamba anaposimama jukwaani siku ya Kiswahili, alete nini? Kuna aliyedai kwamba utamaduni wa Kikamba hauna nafasi pale. Dai hilo halina mashiko. Misafara ya pembe za ndovu ya Kivoi wa Kitui ilikuwa ikifika Mombasa mapema katika karne ya 19, na Krapf alipotoka Rabai kwenda Kitui mwaka 1849 alifuata njia ambayo wafanyabiashara walikuwa wameizoea. Kiswahili hakikwenda Ukambani kama mgeni wa jana. Kamati iliafikiana hivi: vitu viwe vya Ukambani, maelezo yawe ya Kiswahili.

Tangazo na saa zake

Ukumbi ulikodiwa miezi sita kabla, kwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 7. Juu ya hilo hakuna la kueleza. Lililotutia aibu ni tangazo. Rasimu ya kwanza ilisema "kuanzia saa 8". Aliyeiandika alikusudia saa nane mchana kwa hesabu ya Kiswahili. Vijana waliosomea Uingereza wangeisoma kuwa saa mbili za usiku, wakati ukumbi unafungwa. Baadhi ya Wakongomani nao, kwa mazoea ya Kifaransa, huhesabu saa hadi ishirini na nne. Tangazo la mwisho lilisema "saa nane mchana (14:00)", tukaongeza picha ya saa ya ukutani. Mwanafunzi wa isimujamii atatambua kwamba hapa hakukuwa na kosa la sarufi hata moja. Neno lilikuwa sahihi, wasomaji ndio walikuwa wa aina tatu.

Chungu

Chakula kikuu kilichaguliwa kuwa muthokoi. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, hauna nyama wala maziwa, hivyo Mwislamu wa Lamu na Msabato wa Kibwezi hula chungu kimoja bila kuuliza maswali. (Kitoweo cha mbuzi kilipikwa kando, kwa nyama halali.) Pili, kila mgeni anaufahamu kwa jina jingine. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa ganda kwa kutwangwa; Mkamba akichanganya mahindi na kunde au maharagwe bila kukoboa huita isyo, watu wa Pwani wana pure, Mtanzania ana makande. Vyakula hivi si kimoja kabisa, ila ni ndugu, na undugu huo ulitufaa baadaye kwa watoto.

Shida ilikuwa kuupata muthokoi wenyewe. Kubeba nafaka na matunda kwenye mizigo ya ndege kuna masharti ya vyeti vya afya ya mimea, na watu wa Makueni wanaujua uchungu wa masharti hayo: uuzaji wa maembe ya Kenya katika Umoja wa Ulaya ulisitishwa mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda. Kwa hiyo tulitafuta badala yake katika maduka ya wageni. Mahindi ya Afrika Kusini yaliyokobolewa huwa yamevunjwavunjwa. Huiva upesi lakini hugeuka uji. Ya Meksiko huwa yamechemshwa kwa chokaa, na harufu hiyo haiondoki hata ukiyaosha mara tano. Yaliyokaribia kabisa yalitoka duka la Wabrazili, ambako mahindi meupe mazima, yaliyokobolewa kwa mashine, huuzwa kwa jina la kanjika. Mama mmoja wa Mutomo aliyashika kiganjani, akayanusa, akasema, "Hawa nao wana kinu."

Kwa watu 120, watoto wakiwamo, tulipima gramu 100 za nafaka kavu kwa kila mmoja: kilo 8 za mahindi na kilo 4 za mbaazi. Nafaka kavu huongezeka uzito takriban mara mbili na nusu ikiiva, kwa hiyo tulitarajia kilo 30, yaani robo kilo kwa kila sahani. Mahindi yalilowekwa usiku kucha, yakachemshwa kwa saa mbili na nusu. Mbaazi zililowekwa na kuchemshwa peke yake, kisha zikachanganywa. Vitunguu, nyanya na chumvi viliingia mwishoni. Nyanya ikitiwa mapema, uchachu wake huzuia mbaazi kulainika, na mpishi hubaki akiongeza maji na moto bila kujua kinachomshinda.

Mtego mwingine ni jiko. Jiko la nyumbani halichemshi sufuria ya lita 50. Litapasha sehemu ya chini hadi iungue huku ya juu ikiwa vuguvugu. Tulitumia sufuria mbili za lita 30 katika nyumba mbili. Kanuni za usalama wa chakula nchini humo zinataka chakula cha moto kisipungue nyuzi 63. Kikishuka, kinaweza kubaki mezani kwa saa mbili tu. Kwa sababu hiyo sufuria ya pili ilibaki ndani ya kasha lenye bitana nene hadi ya kwanza ilipoisha. Waliochelewa walikula moto kama waliowahi.

Ngoma

Katika muziki ndiko mabishano yalikuwa makali. Kijana mmoja alipendekeza watoto wacheze Kilumi, kwa kuwa ina ngoma kubwa na inavutia macho. Mzee mmoja wa Wote alikataa. Kilumi, alieleza, ni ngoma ya kuombea mvua na kutibu wanaosumbuliwa na pepo. Waichezao hasa ni kina mama watu wazima. "Mwanangu," alimwambia, "utawaambia watoto wanamtibu nani?"

Mwandishi anaona mzee alikuwa na haki, ingawa si kwa sababu kwamba ngoma ya ibada haiwezi kamwe kupandishwa jukwaani; vikundi vya maonyesho huko Kenya hufanya hivyo. Hoja ni kwamba mtoto asiyejua Kikamba, asiyeambiwa mvua ya Kitui ina maana gani kwa anayeisubiri, atajifunza kutikisa mabega tu. Badala yake kina mama wanne waliicheza Kilumi wenyewe kwa dakika saba, na kabla yake mshereheshaji akaeleza kwa sentensi tatu za Kiswahili huchezwa lini, na nani, na kwa nini. Kwa vijana ulichaguliwa Myali, ambao kwa desturi ni wimbo wa kukosoa tabia za watu. Walitunga beti zao wenyewe juu ya wanakamati wanaochelewa vikao. Zilikuwa za Kikamba na Kiswahili kwa kupokezana, na mwandishi alitajwa.

Jioni zilichezwa rekodi za Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers. Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, na huo ni ushahidi mzuri darasani: mwanamuziki wa Ukambani aliyetaka kusikika nje ya Ukambani alijua lugha ya kuendea. Kosa letu lilikuwa kumwachia mpiga muziki vipaza sauti tangu mwanzo wa mlo. Meza zilinyamaza, si kwa utulivu, bali kwa kushindwa kusikizana. Mahali ambapo Kiswahili kingezungumzwa na Mkongomani na mtu wa Makueni, palitawaliwa na gitaa. Mwaka uliofuata muziki ulianza baada ya sahani kuondolewa.

Watoto

Watoto walikuwa 30, wengi wao wa umri wa miaka mitano hadi kumi na mbili. Hali yao ya lugha ni ile inayofahamika kwa waalimu wa watoto wa ughaibuni: wanaelewa amri za nyumbani, lakini hujibu kwa Kiingereza. Shughuli inayodai mtoto aseme tangu mwanzo humfunga mdomo. Kwa hiyo tulipanga vituo vitatu, kila kimoja watoto kumi kwa dakika ishirini, vikipangwa kutoka kusikia, kwenda kutenda, kwenda kusema.

Kituo cha kinu kilikuwa nje, kwa sababu ya makapi. Mahindi makavu meupe yalinyunyiziwa maji kidogo tu, kisha watoto wawili wawili wakapokezana mchi. Msimamizi aliruhusiwa maneno machache: mimina, twanga, pole pole, peta, pepeta tena. Ganda linapoanza kuchanuka na punje kuonekana nyeupe, ni wakati wa ungo. Mahindi yakitiwa maji mengi huwa tope. Yakikosa maji hupasuka. Mtoto huliona kosa kwa macho yake, na msimamizi hana haja ya kulitafsiri.

Kituo cha meza kilikuwa na bakuli za nafaka na vipande vya karatasi vyenye majina. Bakuli moja la punje za kijani liliwekewa karatasi tatu: ndengu, pojo, choroko. Watoto walitumwa kwa watu wazima ukumbini kuuliza nani hutumia jina lipi. Walirudi na ramani ndogo ya lahaja bila kuambiwa neno lahaja.

Cha tatu kilikuwa cha vitendawili. Mwanzo ulifundishwa kwa njia mbili: "Kitendawili!" hujibiwa "Tega!", na Mkamba husema "Kwata ndai", naye huitikiwa "Nakwata". Hatukuleta vitendawili vya vitabuni, maana vinataja vitu ambavyo mtoto hajaviona. Tulitunga vya siku hiyohiyo. "Alivuliwa nguo kinuni, akaja sherehe uchi." Waliotoka kwenye kinu walipiga kelele jibu, na kwa mara ya kwanza kelele hiyo ilikuwa ya Kiswahili: "Mahindi!" Kundi lililoanzia hapa kabla ya kufika kinuni halikulipata. Mpangilio wa vituo kwa mzunguko ulikuwa na dosari hiyo, na dawa yake ni makundi yote kuanza pamoja kwenye kinu, hata kama yatahitajika mavinu matatu.

Mzee wa Wote alikuwa na mjukuu wa miaka saba ambaye kila Jumapili hupewa simu azungumze na bibi yake aliyeko Makueni, akaishia kusema jambo moja kisha kuirudisha. Jumapili iliyofuata, kwa maelezo ya mzee, mtoto aliishika simu mwenyewe. "Susu," alisema, "nimetwanga. Nimepeta." Bibi akauliza alipeta nini. Mtoto akafikiri, akasema, "Subiri," akaenda kumwuliza babu yake neno la makapi.