Ubichi wa Korosho: Neno Moja, Hali Tatu

Utangulizi

Katika Kiswahili, kivumishi chenye mzizi -bichi hakina kinyume kimoja. Embe bichi ni lile ambalo halijaiva, na kinyume chake ni embe bivu. Nyama mbichi ni ile ambayo haijapikwa. Kuni mbichi ni zile ambazo hazijakauka, na samaki anayekunjwa angali mbichi katika methali ni yule ambaye bado ni laini, hajakakamaa. Aghalabu muktadha hutosha kumwelekeza msikilizaji kwenye maana iliyokusudiwa. Ipo hata hivyo bidhaa moja ambayo muktadha wake humpotosha mtu kwa urahisi, nayo ni korosho.

Mkulima wa Kilifi akisema ana korosho mbichi, anamaanisha korosho zilizo ndani ya maganda yake magumu, zilizoanikwa juani na kutiwa magunia. Mwenye duka jijini Nairobi akiandika maneno hayo hayo kwenye pakiti, anamaanisha viini vyeupe vilivyomenywa ambavyo havijakaangwa wala kutiwa chumvi. Mnunuzi naye huelewa kwamba viini hivyo havijaguswa na moto hata kidogo. Makala hii inachunguza ni yupi kati ya hao watatu aliye karibu na ukweli, na inaonyesha kwamba jibu la swali hilo limo ndani ya ganda la korosho, yaani katika mafuta yake.

Umbo la korosho

Mkorosho, ambao katika sehemu za pwani huitwa pia mkanju au mbibo, ni wa ukoo mmoja na mwembe. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazili, na Wareno ndio walioueneza hadi Msumbiji na Bara Hindi katika karne ya 16. Bibo lenye maji matamu, ambalo wengi hulidhani kuwa ndilo tunda, kwa hakika ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni ile korosho yenye umbo la figo inayoning'inia chini yake.

Ganda la korosho lina tabaka tatu. La nje ni gumu na laini kwa kuguswa. La ndani ni gumu zaidi na hukizunguka kiini. Kati ya tabaka hizo mbili pana tabaka lenye vijishimo vingi mithili ya sega la nyuki, na humo ndimo mafuta mazito ya rangi ya kahawia yanamokaa. Mafuta hayo huchukua takribani robo hadi theluthi ya uzito wa ganda. Ndani kabisa mna kiini kilichofunikwa na utando mwembamba mwekundu. Kiini chenyewe hakina mafuta hayo makali. Nukta hii ni muhimu, kwa sababu kauli ya kawaida kwamba korosho mbichi ni sumu huhamisha sumu ya ganda na kuitia katika kiini.

Safari ya korosho hadi dukani

Karanga humenywa kwa vidole, lakini korosho haimenyeki hivyo. Ganda lisilotiwa joto ni gumu lakini lina unyumbufu; likipigwa, hubonyea na kupasuka vibaya, na mafuta hutapakaa juu ya kiini na mikononi mwa anayebangua. Kwa hiyo kila njia ya kubangua korosho kwa wingi huanza kwa joto.

Katika vijiji vingi vya pwani, korosho hutiwa katika kipande cha bati au debe lililotobolewa, kisha huwekwa juu ya moto wa wazi. Mafuta hutoka, hushika moto na kuwaka kwa moshi mweusi. Baada ya muda mfupi korosho humwagwa chini na kufukiwa kwa mchanga au majivu ili moto uzimike na mafuta yaliyosalia yafyonzwe, ndipo zipasuliwe kwa jiwe. Korosho za namna hii huwa zimekaangwa, na hakuna anayeziita mbichi.

Njia ya pili ni ya viwandani. Korosho kavu hupitishwa katika hodhi la mafuta yaleyale ya ganda yaliyochemshwa hadi kiasi cha nyuzi 180 hadi 200 za selsiasi, kwa muda wa dakika mbili hivi. Ganda hutoa mafuta yake na kuwa jepesi kuvunjika.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo chanzo cha viini vingi viitwavyo vibichi, ni ya mvuke. Korosho hutiwa katika tangi lililofungwa na kupigwa mvuke wenye shinikizo kwa dakika kadhaa, aghalabu hadi nusu saa. Halafu huachwa zipoe, kwa kawaida hadi siku ya pili. Kisha hubanguliwa moja moja kwa mashine ya visu viwili inayoendeshwa kwa mkono na mguu, na kiini huchokolewa nje. Hata hapo kazi haijaisha, kwa kuwa utando mwekundu bado umekishika kiini. Viini huingizwa katika tanuri la joto la wastani, la nyuzi 70 hivi, kwa saa kadhaa. Hunywea kidogo, utando ukalegea, na ndipo huambuliwa.

Hivyo basi, kiini cheupe kinachouzwa kwa jina la korosho mbichi kimepata joto mara mbili: kwanza cha mvuke kikiwa ndani ya ganda, kisha cha tanuri kikiwa nje. Kikipandwa hakioti, kwa sababu mche uliomo ndani yake umekwisha kufa. Kinachokosekana ni ukaangaji wa mwisho tu, ule unaoleta rangi ya dhahabu na harufu. Yamkini kiini chaweza kutolewa bila joto lolote, kwa kupasua ganda kwa uangalifu mkubwa na kumenya kwa mkono. Ila kazi hiyo ni ya polepole na ya hatari, na viini vyake havifiki sokoni ila kwa uchache.

Namna mafuta ya ganda yanavyodhuru

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadi. Pamoja nayo mna kadoli na, kwa kiasi kidogo zaidi, kadanoli. Molekuli za vitu hivi vitatu zinafanana kwa umbo: kila moja ina kichwa chenye tabia ya asidi na mkia mrefu wa kaboni 15. Mkia huo hupenda mafuta, nayo ngozi ya mwanadamu imekingwa kwa mafuta. Kwa hiyo molekuli hupenya ngozi kwa wepesi ambao asidi ya limau, kwa mfano, haina.

Madhara huja kwa njia mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni kuungua. Mafuta yakikaa juu ya ngozi huichoma, ikawa nyeusi, ikatoka malengelenge na hatimaye kubambuka. Jambo hili humpata mtu yeyote, na ndilo huwapata watoto wanaojaribu kupasua korosho kwa meno.

Ya pili ni mzio. Molekuli zilizopenya hushikamana na protini za ngozi, na kinga ya mwili huziona protini hizo kuwa adui. Mara ya kwanza mtu huenda asione lolote, lakini chembechembe nyeupe za damu huwa zimekwisha kuzitambua. Akiguswa tena, hata kwa kiasi kidogo, mwasho na vipele huzuka baada ya siku moja au mbili au tatu. Ucheleweshaji huo ndio humfanya mgonjwa asikisie chanzo. Kitu cha aina hiyohiyo kimo katika mmea wa Amerika Kaskazini unaowasha sana ngozi, na jamaa yake hupatikana katika utomvu wa mwembe. Ndiyo maana mtu aliyewahi kudhuriwa na mmoja wao huweza kudhuriwa na mwingine.

Mzio huu si ule wa kula kiini chenyewe, ambao hutokana na protini za kiini, huja ndani ya dakika chache na huweza kuziba pumzi. Mtu mwenye mzio wa kiini hasalimiki kwa kuwa ganda limeondolewa.

Tukio la mwaka 1982

Tofauti hizi zinadhihirika katika tukio lililotokea Pensilvania, Marekani, mnamo Aprili 1982. Chama cha mchezo wa besiboli cha watoto kiliuza pakiti za korosho zilizoagizwa kutoka Msumbiji. Watu 54 waliozila walipatwa na vipele vyenye mwasho. Vipele havikuzuka papo hapo, bali siku chache baadaye, na vilienea katika sehemu za mwili ambazo hazikuwa zimegusa korosho. Baadhi yao walitoka malengelenge kinywani, na wengine waliwashwa katika sehemu ya kutolea haja kubwa.

Uchunguzi ulibainisha kuwa vipande vya maganda vilikuwa vimechanganyika na viini. Viini vilikuwa salama. Mafuta ya maganda ndiyo yaliyomezwa na kusambaa mwilini. Kosa halikuwa ubichi wa korosho bali utenganishaji mbaya.

Je, joto huondoa sumu?

Hapa ndipo fikra iliyozoeleka inapohitaji kusahihishwa. Watu wengi huamini kwamba korosho hupikwa ili sumu ife. Ni kweli kwamba joto kali huibadili asidi ya anakadi, ikapoteza sehemu ya kichwa chake na kuwa kadanoli, ambayo ukali wake ni mdogo zaidi. Lakini kadoli hubaki, na mafuta yaliyokamuliwa kwa joto bado huunguza na kuwasha. Kazi kuu ya mvuke ni kulifanya ganda lipasuke vizuri ili kiini kitoke bila kupakwa mafuta. Kinachomlinda mlaji ni kutengana kwa kiini na ganda.

Kwa sababu hiyo, wabanguaji hupaka mikono yao mafuta ya nazi au ya mbarika, au huipaka majivu, hata wanapobangua korosho zilizokwisha kupigwa mvuke. Maganda matupu nayo hayafai kuwa kuni za jikoni, kwa kuwa moshi wake hubeba mafuta hayo hadi machoni na mapafuni. Aliyeguswa na mafuta anawe mara moja kwa sabuni nyingi, kwani maji matupu hayayayeyushi bali huyatandaza. Na mlaji akiona kiini chenye doa jeusi linalonata, au kipande cha ganda ndani ya pakiti, asikitie kinywani.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba neno mbichi, likiambatanishwa na korosho, hutaja hali tatu: korosho iliyo ndani ya ganda, kiini kisichokaangwa, na kiini kisichopata joto kabisa. Sheria ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ya mwaka 2013, inayozuia usafirishaji wa korosho ghafi nje ya nchi bila kibali, inahusu hali ya kwanza. Pakiti ya dukani inahusu ya pili. Mnunuzi anafikiria ya tatu, ambayo ni nadra kuipata. Biashara ya Tanzania imekwisha kuitenga hali ya kwanza kwa istilahi ya korosho ghafi, na ya pili kwa korosho zilizobanguliwa. Pakiti ya dukani ingeandikwa korosho zisizokaangwa, ingesema kweli. Neno mbichi lingebaki kwa ile ambayo moto haujaigusa, ambayo mafuta yake yangali yote ndani ya ganda, nayo si ya kuchezewa kwa mkono mtupu.