Kudai, kukubali, kupokea: vitenzi vya mwandishi wa kikao cha mapatano

Kikao kati ya sendika na uongozi kinapokwisha, maneno yaliyosemwa hupotea na kumbukumbu iliyoandikwa hubaki. Katika nchi yetu Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inaipa karatasi hiyo uzito: mgogoro wa pamoja ukifika mbele ya mkaguzi wa kazi, upatanisho humalizika kwa maandishi yanayoonyesha kwamba pande mbili zimepatana au hazikupatana. Kwa hiyo kitenzi kimoja kilichochaguliwa vibaya kinaweza kufungua upya ugomvi uliokuwa umetulia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wajumbe wa sendika wanataka nauli ya kazini itoke faranga 2,000 hadi 3,500 kwa siku. Mwandishi anaandika hivi: “Sendika ililalamika na kudai kwamba nauli haitoshi. Uongozi ulifafanua hali ya fedha na kukubali suala hilo.” Hakuna uongo wa wazi hapa, lakini kila upande una sababu ya kukataa kutia sahihi.

Tuanze na *kudai*. Kitenzi hiki kina sura mbili. Kikifuatwa na kitu, kama katika “walidai nyongeza”, kinataja tu ombi la mtu anayeona ana haki. Kikifuatwa na *kwamba*, kinabadilika: “walidai kwamba nauli haitoshi” humwambia msomaji kuwa mwandishi mwenyewe hasadiki. Tena, katika sentensi ileile uongozi umepewa *kufafanua*, kitenzi cha mtu anayejua na kufundisha, na sendika ikapewa *kulalamika*, kitenzi cha mnung’uniko. Dawa yake ni nyepesi: pande zote mbili zipewe *kusema* au *kueleza*, na hoja ya kila upande iandikwe pamoja na sababu yake. Kurudiarudia *walisema* kunachosha sikio, lakini kumbukumbu si insha. Ukitaka kupima, badilishana majina ya pande hizo mbili ndani ya sentensi. Kama upande mmoja ungechukia kupewa kitenzi cha mwenzake, kitenzi hicho si cha haki.

Neno la pili ni *kukubali*. Mtu anaweza kukubali kwamba jambo ni kweli, na anaweza kukubali kulitenda. “Uongozi ulikubali kwamba bei ya basi imepanda” si sawa na “ulikubali kuongeza nauli”. Ukiandika “ulikubali suala hilo”, wafanyakazi watasoma ahadi, na mkurugenzi atasema hakuahidi kitu. Pale ambapo upande mmoja umesikia tu bila kujifunga, kitenzi kinachofaa ni *kupokea*: “uongozi ulipokea ombi”. Tatizo hukua zaidi kikao kinapofanyika kwa Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa kwa Kifaransa. Msemaji akisema “tutaona”, mfasiri asigeuze neno hilo kuwa ahadi wala kuwa kukataa. Ni salama kuliacha kwa Kiswahili ndani ya alama za kunukuu, kisha tafsiri ifuate.

La tatu ni ukali. Kama mjumbe alimtukana mkurugenzi, tusi halihitaji kuandikwa, maana halina hoja. Lakini kama kikao kilisimama dakika 20 kwa sababu hiyo, kusimama huko kuandikwe pamoja na saa. Tishio la mgomo nalo haliachwi kwa ajili ya adabu: ni msimamo, na upande wa pili una haki ya kuukuta kwenye karatasi. Vilevile “hatuwezi kwa sasa” isifupishwe kuwa “hatuwezi”, wala isigeuzwe kuwa “hatutaki”. Kufupisha hivyo kunafunga mlango ambao msemaji aliuacha wazi.

Kumbukumbu yetu sasa inasomeka hivi: “Sendika ilisema kwamba nauli ya faranga 2,000 haitoshi, kwa kuwa anayepanda basi mbili hulipa 3,000 kwenda na kurudi. Iliomba 3,500. Uongozi ulisema kwamba bajeti ya mwaka huu haina fungu hilo, na kwamba hauwezi kutoa nyongeza ‘kwa sasa’. Ulikubali kwamba bei ya basi imepanda. Hakuna kiasi kilichokubaliwa. Mkuu wa fedha ataleta hesabu ya nauli katika kikao cha tarehe 17.” Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini inaonyesha nani alisema nini, kipi kimebaki wazi, na nani ana kazi ya kufanya.

Kabla ya sahihi, rasimu husomwa na pande zote. Hapo kanuni ni moja: kila upande husahihisha maneno yake wenyewe, si ya mwenzake. Wakibishana juu ya kilichosemwa, mwandishi asichague mshindi; aandike kauli zote mbili na aonyeshe kwamba hazikuafikiana.