Kikomo cha Bima ya Afya: Jinsi ya Kukipima kwa Gharama za Hospitali

Mkataba wa bima ya afya unaouzwa na kampuni binafsi huwa na tarakimu mbili kubwa. Ya kwanza ni ada, yaani fedha anayolipa mwanachama kila mwaka. Ya pili ni kikomo cha fidia, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni italipa kwa matibabu katika mwaka huo. Kikomo kikiwa kidogo, mgonjwa humaliza fedha ya bima akiwa bado kitandani, na ndugu hulazimika kuuza ng'ombe. Kikiwa kikubwa kupita mahitaji, kaya hulipa kila mwaka kwa ajili ya fedha ambayo haitaifikia. Somo hili linaeleza namna kaya ya Tlawi inavyoweza kupata kikomo kinachoifaa.

Kuanzia hospitali, si kampuni

Hatua ya kwanza ni kuandika hospitali ambazo kaya itazitumia kweli. Kwa mkazi wa Tlawi, maradhi ya kawaida hutibiwa zahanati na hospitali za Mbulu. Yanayozidi hapo hupelekwa Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, au hospitali ya rufaa ya mkoa. Mazito zaidi hupewa rufaa kwenda Arusha, au KCMC iliyoko Moshi. Kikomo kinachomtosha mgonjwa wa hospitali hizo si lazima kilingane na cha mkazi wa Dar es Salaam anayetibiwa hospitali binafsi za jijini. Wakala anayenukuu gharama za Dar es Salaam anamuuzia mkulima wa Tlawi hofu ya mji mwingine.

Hatua ya pili ni kutenga yale ambayo tayari yana mlipaji. Katika utaratibu wa CHF iliyoboreshwa, ulioanza mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, mradi ngazi za rufaa zifuatwe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta mfumo mpana zaidi, hivyo mchango unaotumika sasa uulizwe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Vilevile, sera ya afya inasamehe malipo katika vituo vya serikali kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kaya inayokusudia kujifungulia hospitali ya serikali ipime vyema kabla ya kulipia nyongeza ya uzazi katika bima binafsi.

Baada ya kutenga hayo, pengo huonekana: ni kulazwa mara moja, kwa ghafla, katika hospitali iliyo juu ya ngazi ya mkoa. Pengo hilo ndilo linalopaswa kupimwa.

Hesabu ya mfano

Tuchukue kaya ya watu 5 ambayo kijana wake huendesha bodaboda. Ajali ya kuvunjika mfupa wa paja ni jambo linaloweza kumpata. Mhusika aende dirisha la malipo la hospitali, aulize bei ya kila kipengele na kuiandika. Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia tu. Si bei za hospitali yoyote.

Upasuaji na dawa ya usingizi: 900,000.
Chuma cha kuunga mfupa: 700,000.
Kitanda, siku 14 kwa 30,000: 420,000.
Vipimo na picha: 250,000.
Dawa na vifaa: 230,000.

Jumla ya kulazwa ni 2,500,000. Kurudi kliniki na mazoezi ya viungo baada ya kutoka huongeza 350,000, na kufanya 2,850,000. Ikiwa kikomo ni cha kaya nzima, iongezwe gharama ya kulazwa kwa kawaida kwa mtu mwingine mwaka huohuo, tuseme 650,000. Jumla inafika 3,500,000. Bei hupanda kati ya siku ya kulipa ada na siku ya kuugua, kwa hiyo sehemu ya tano, yaani 700,000, huongezwa juu yake. Kaya hii inahitaji kikomo cha karibu 4,200,000.

Sasa ndipo orodha ya kampuni ifunguliwe. Tuseme kuna kikomo cha milioni 3 kwa ada ya 420,000, cha milioni 5 kwa 540,000, na cha milioni 20 kwa 1,150,000. Cha kwanza kingeacha pengo la 1,200,000. Cha pili kinaziba pengo hilo kwa nyongeza ya ada ya 120,000. Cha tatu kinaonekana rahisi, kwa sababu kila milioni ya ziada inagharimu takriban 40,700, ilhali hatua ya kutoka milioni 3 hadi 5 iligharimu 60,000 kwa kila milioni. Lakini unafuu huo una maana ikiwa tu yapo maradhi yanayoweza kuzitumia milioni hizo 15 za ziada, na mkataba unaruhusu zitumike kwa maradhi hayo.

Ukomo uliofichika ndani ya kikomo

Mikataba mingi huweka ukomo mwingine ndani ya kikomo kikuu. Mkataba wa milioni 20 unaweza kusema kwamba maradhi sugu yatalipiwa hadi milioni 3 tu. Kwa mwenye kisukari au saratani, bima hiyo ni ya milioni 3. Kitanda nacho huwekewa ukomo kwa usiku. Ukiwa 20,000 na wodi inatoza 30,000, kijana wa mfano wetu atalipa 140,000 mfukoni kwa siku 14, ingawa kikomo kikuu hakijaguswa. Ukomo wa chuma cha mfupa uulizwe kwa jina lake.

Yapo pia maradhi ambayo kikomo cha fedha hakiyawezi. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki huhudumiwa mara 156 kwa mwaka. Kwa bei ya mfano ya 200,000 kila mara, gharama ni 31,200,000. Hata milioni 20 zingekwisha kabla ya mwaka kuisha. Hatari ya namna hiyo hubebwa vyema na mfuko wa umma unaolipa kwa kitita cha huduma. Kaya inayoihofia iulize kama huduma hiyo imo katika kitita cha mfuko.

Kabla ya kutia saini

Maswali manne yaulizwe na majibu yasomwe ndani ya mkataba. Je, kikomo ni cha kila mtu au cha kaya nzima? Je, ukomo wa kitanda, maradhi sugu na vifaa vya mifupa ni kiasi gani? Je, ni miezi mingapi ya kungojea kabla ya kila huduma kuanza? Je, mwanachama hulipa sehemu ya kila ankara? Kisha dirisha la bima la hospitali lithibitishe kwamba linapokea kadi ya kampuni hiyo, kwani kadi isiyopokelewa huko haina thamani, hata kikomo chake kiwe kikubwa namna gani.

Nauli ya kwenda Moshi, chakula na malazi ya ndugu anayemuuguza mgonjwa kwa kawaida havimo katika bima ya matibabu. Fedha iliyookolewa kwa kuchagua milioni 5 badala ya 20, ambayo katika mfano wetu ni 610,000, yafaa iwekwe akiba kwa ajili ya hayo. Orodha ya bei iandikwe upya kila mwaka kabla ya kulipa ada mpya.