Ulikuwa saidia fundi? Liandike lisomeke

Kila kampuni yetu ya ukandarasi wa umeme inapopata saiti kubwa, mezani kwangu hutua bahasha za mafundi. Nyingi zimeandikwa na watu wanaoijua kazi, lakini karatasi zao hazisemi wanaijua kazi gani. Haya ndiyo ninayotamani wangejua kabla ya kufunga bahasha.

1. Andika ngazi ya cheti na mfumo wake

"Nina grade one." Sawa, ya lini? Majaribio ya ufundi ya zamani yalianzia Daraja la III, na fundi alipanda hadi la I, ndiyo kilele. Mfumo wa ngazi wa VETA umegeuza: unaanza Ngazi ya I na kupanda hadi ya III. Kwa hiyo "moja" ya baba yako ni ya fundi mbobezi, na "moja" yako ni ya anayeanza. Nimeshaona mzee wa Daraja la I akiwekwa kando na karani aliyedhani ni mwanafunzi wa juzi. Andika kwa ukamilifu: fani, ngazi au daraja, chuo au kituo ulikopimiwa, mwaka. Mstari mmoja tu.

2. Miaka ya kujifunza kwa fundi igawe vipande vitatu

Hapa ndipo wengi hupoteza kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kijana mmoja aliyejifunzia Tandika aliniletea wasifu wenye mstari huu: "2018–2022: uzoefu wa umeme wa majumbani na viwandani." Miaka minne imemezwa na maneno saba. Mimi ninachotaka kujua ni kimoja: nikikuacha saitini saa mbili asubuhi, nirudi saa kumi, utakuwa umefanya nini bila kuniunguzia jengo?

Nilimwita, tukaketi, nikamuuliza mwaka kwa mwaka. Ikatoka hivi:

*Machi 2018 – Novemba 2019, saidia fundi.* Kuchimba ukuta, kulaza mabomba, kuvuta nyaya kwenye nyumba za fezi moja.

*Desemba 2019 – Juni 2021, chini ya uangalizi.* Kuunga soketi, swichi na bodi ya breka. Fundi alikagua kila bodi kabla ya kuwasha.

*Julai 2021 – Oktoba 2022, niliachiwa kazi.* Nyumba 11 kuanzia mabomba hadi kupima, mbili kati yake za fezi tatu. Mashine moja ya kusaga unga: mota ya kilowati 15, kuwasha kwa sta-delta. Fomu za kuombea umeme TANESCO ziligongwa muhuri na fundi wangu, mwenye leseni.

Sasa huyu ni mtu ninayeweza kumpangia kazi. Na angalia, neno "saidia fundi" halikumshusha hata kidogo. Limenifanya niamini hayo ya chini yake. Anayedai aliunga mota za fezi tatu tangu wiki ya kwanza namwekea alama ya kuuliza. Ile sentensi ya muhuri nayo ilinipendeza, kwa sababu asingeisema ningejiuliza nani aliwajibika kwa nyumba zile 11.

Kuhusu ile mashine ya kusaga nilimuuliza kwa nini sta-delta, kwa nini isiwashwe moja kwa moja. Akacheka: "Bosi, mota ile ukiiwasha moja kwa moja taa za majirani zinafifia, wanakuja na marungu." Kisha akaongeza kwamba kwa sta umeme wa kuwashia unashuka hadi kama theluthi moja. Ukiandika kazi, jiandae kuulizwa hivyo hivyo. Usiyoweza kuielezea, ifute.

3. Barua ya fundi wako iwe na mambo, isiwe na sifa

"Ni kijana mwaminifu na mchapakazi" hata shangazi yako atasema. Barua inayonisaidia inataja ulianza lini na kumaliza lini, kazi ulizoachiwa peke yako, namba ya leseni ya EWURA ya fundi kama anayo, na simu yake inayopatikana. Kama mzee haandiki vizuri, andika wewe, msomee, asaini yeye. Si aibu. Mweleze tu kwamba nitapiga, kwa sababu nitapiga kweli, na swali langu la kwanza litakuwa: "Ni kazi gani hukuwahi kumwachia?" Fundi mkweli hujibu papo hapo.

Muhuri wa serikali ya mtaa una kazi yake: unanionyesha kwamba karakana ipo. Mtendaji hajui kama unaweza kuunga bodi.

4. Huna cheti kabisa?

VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unapimwa kwa vitendo, pengo likijulikana unafundishwa hapo, kisha unapewa cheti. Nenda na ile orodha ya vipande vitatu. Itawasaidia wanaokupima kama inavyonisaidia mimi. Ukiwa umeshaomba na bado unasubiri, andika "ninasubiri matokeo" na tarehe uliyopimwa. Usiandike "nina cheti", maana siku ya kuleta cheti halisi itafika.

5. Cheti kimoja, leseni nyingine

Cheti kinasema umejifunza. Leseni ya EWURA inakuruhusu kufanya kazi ya kufunga umeme kwa daraja lililotajwa. Kama unayo, weka nakala na uandike daraja na tarehe ya kuisha. Kama imeisha mwezi uliopita, sema imeisha. Mimi tarehe ndiyo ninayoanza nayo.

6. Picha tatu zinatosha

Usinitumie picha thelathini za taa zinazowaka. Taa huwaka hata nyaya zikiwa zimefungwa vibaya. Nataka bodi ikiwa wazi kabla ya kifuniko, nione nyaya zimepangwa na kuandikwa alama. Nataka kipimo cha insulesheni kikiwa kimeshikwa kwenye saketi, namba ikionekana. Kwa nyumba ya kawaida tunapima kwa volti 500 na hatukubali chini ya megaomu 1. Picha ya 0.3 ikifuatwa na ya 50 baada ya kubadilisha waya uliochubuliwa kwenye kona ya bomba ingenifurahisha kuliko zote. Chini ya kila picha andika mwaka na ulichofanya wewe. Jina la mwenye nyumba liache.

7. Jina

Cheti cha shule kina majina mawili, cha VETA matatu, kitambulisho cha NIDA kimeandika "Mohamedi" penye "Muhammad". Nenda kwa wakili mapema, uape hati ya kiapo inayosema hao wote ni wewe, iambatanishwe pamoja na nakala zilizothibitishwa. Ofisi ya utumishi haina huruma na herufi.

8. Njoo na kipima umeme chako

Tukikuita, kutakuwa na mtihani wa vitendo. Kwetu saketi huwa imezimwa na mtahiniwa huambiwa abadilishe breka. Kijana wa Tandika hakugusa bisibisi. Alipima kwanza kwenye soketi yenye umeme kuhakikisha kipimo kinafanya kazi, akapima saketi iliyozimwa, akarudi tena kwenye ile soketi. Fomeni wetu alikuwa bado anatafuta kalamu, akaniangalia, akasema: "Huyu aanze Jumatatu."