Kutoka Orodha hadi Usanisi: Kiima na Kauli ya Kutendana katika Mapitio ya Machapisho

Mkurufunzi anayefanya mazoezi ya kufundisha karibu na Kabingo, wilayani Isingiro, anakusudia kutafiti ufundishaji wa Kiswahili kwa wanafunzi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Amesoma kazi tatu, naye ameandika aya hii:

Ladefoged, Glick na Criper (1972) walichunguza lugha za Uganda. Waligundua kwamba wanaume wanaojua Kiswahili ni wengi kuliko wanawake. Pawliková-Vilhanová (1996) aliandika kuhusu historia ya Kiswahili na sera ya lugha nchini Uganda. Mukuthuria (2006) naye alijadili nafasi ya Kiswahili cha Uganda katika ushirikiano wa Afrika Mashariki.

Hakuna sentensi yenye kosa la kisarufi hapa. Hata hivyo, ukiyapanga upya maelezo ya kazi hizo tatu kwa mfuatano wowote, aya haibadiliki. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha orodha: maelezo ya kazi moja hayategemei ya nyingine. Kipimo cha pili kinahusu kiima. Hebu pigia mstari kiima cha kila sentensi. Utaona kwamba kila kimoja ni jina la mtafiti au kiambishi kinachomrejelea. Aya inawahusu watafiti, wala si Kiswahili nchini Uganda.

Dawa haipatikani kwa kupachika «hata hivyo» na «vilevile» kati ya sentensi. Wengi hufanya hivyo, na matokeo huwa mabaya zaidi, maana kiunganishi hudai uhusiano ambao mwandishi hakuutafuta. Mathalani, akiandika kwamba «Pawliková-Vilhanová anapingana na Ladefoged na wenzake», amekosea. Kauli ya kutendana, yaani mnyambuliko wa -an- katika «pingana», «kubaliana» na «tofautiana», huhitaji pande mbili zinazokutana katika jambo moja. Ladefoged na wenzake walipima umilisi wa lugha kwa uchunguzi wa kitaifa; Pawliková-Vilhanová alifuatilia historia. Anayehesabu wasemaji hawezi kupingana na anayesimulia namna lugha ilivyopokewa, mpaka tuwaulize wote wawili swali lile lile.

Basi tulitafute swali hilo. Kwa utafiti wa Nakivale, swali linalofaa ni hili: ni nini kilichozuia Kiswahili kuenea kwa usawa nchini Uganda? Andika jibu la kila kazi kwa sentensi moja kabla ya kuandika aya. Uchunguzi wa 1972 unaonyesha pengo kati ya makundi, ila takwimu pekee hazielezi chanzo chake. Kazi ya 1996 inatoa chanzo cha kihistoria: lugha iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka pwani, kisha ikakabiliwa na upinzani, hasa Buganda. Kazi ya 2006 inakiri uzito wa mitazamo hiyo, lakini inaona fursa katika ushirikiano wa kikanda. Sasa uhusiano umejitokeza wenyewe: ya kwanza inaonyesha hali, ya pili inasaidia kuifasiri, ya tatu inaikubali ya pili kwa sehemu na kutazama mbele. Aya iliyoandikwa upya ni hii:

Kiswahili kimekuwapo Uganda tangu karne ya 19, lakini hakikuenea kwa usawa. Pengo kati ya wanaume na wanawake lilidhihirika katika uchunguzi wa kitaifa (Ladefoged, Glick na Criper 1972), ingawa takwimu hizo pekee haziwezi kueleza sababu zake. Historia ya upinzani dhidi ya lugha hiyo, hasa Buganda (Pawliková-Vilhanová 1996), inatoa sehemu ya maelezo. Uzito wa mitazamo ya jamii unakubaliwa pia na Mukuthuria (2006), ila kwake ushirikiano wa Afrika Mashariki unaweza kuipa lugha nafasi mpya. Kazi zote tatu zinamtazama hasa raia wa Uganda. Hazimgusi mwanafunzi aliyetoka mashariki ya Kongo, ambaye huenda alifika Nakivale akikizungumza Kiswahili nyumbani.

Viima sasa ni «Kiswahili», «pengo», «historia», «uzito wa mitazamo» na «kazi zote tatu». Majina ya watafiti yamehamia katika mabano au baada ya «na» ya kauli ya kutendwa. Kiunganishi «ingawa» kinabeba mpaka wa ushahidi, na «ila» kinaonyesha mahali ambapo waliokubaliana wanaachana njia. Angalia pia sentensi mbili za mwisho. Mwandishi hakusema kwamba hakuna aliyewahi kumtafiti mwanafunzi huyo. Kwa kusoma kazi tatu tu hana haki ya kusema hivyo. Amesema «kazi zote tatu», na hapo ndipo ushahidi wake unapokomea.

Si lazima kila jina liondolewe kwenye kiima. Hoja inapokuwa ya mtu mmoja na inabishaniwa, mtangulize mwenyewe ili msomaji ajue ni nani anayedai.

Zoezi. Chukua aya moja ya mapitio yako. (a) Pigia mstari viima vyake. (b) Andika swali moja ambalo kazi zote ulizozitaja zinaweza kulijibu. Kazi isiyolijibu iondoe au ihamishie aya nyingine. (c) Andika upya aya hiyo, ukitumia kitenzi kimoja cha kutendana, kisha ueleze pande zake mbili zinakutana katika jambo gani.