Madeni matatu, mfuko mmoja: namna ya kupanga malipo, na mshauri alipwe ngapi



Tukipita katika koperative tunakuta jambo moja mara nyingi: mkulima hana deni moja, ana matatu. Ana mkopo wa koopeki, ana wa muso, na tena ana mbolea aliyochukua kwa mfanyabiashara akiahidi kulipa kwenye mavuno. Anayepiga kelele zaidi ndiye analipwa kwanza, wengine wanangoja, riba inapanda. Somo la leo ni namna mtu wa katikati, tunayemwita mshauri wa madeni, anavyoweza kupatana na wakopeshaji wote kwa pamoja, na malipo gani anaweza kuomba.

Tutachukua mfano wa Afrika ya Kusini, juu huko kazi hiyo imeandikwa ndani ya sheria ya mikopo namba 34 ya mwaka 2005. Mshauri lazima aandikishwe na serikali. Mtu mwenye madeni akimfikia, mshauri ana siku 5 za kazi kuwajulisha wakopeshaji wote, kila mmoja, na kuwaomba waandike deni limebaki ngapi. Kisha anapima mapato na matumizi ya nyumba, anaandika mpango mmoja, anawapelekea, na mwishoni mpango unapitishwa na mahakama. Mwenye deni anatoa pesa mara moja kwa mwezi, na ofisi maalumu inazigawa kwa wakopeshaji. Kwa muda huo wote hana ruhusa ya kuchukua mkopo mpya.

Sasa tuweke njia hiyo kwenye hesabu ya kwetu. Tuseme mama mmoja mkulima wa kahawa na maharagi ana deni la dola 300 kwa koopeki, riba ya 3 kwa 100 kila mwezi juu ya pesa iliyobaki. Ana dola 120 za muso, riba ya 5 kwa 100 kila mwezi. Ana dola 180 za mbolea, bila riba. Jumla ni dola 600. Wote watatu wanadai kwa jumla dola 90 kwa mwezi.

Hatua ya kwanza, mshauri hagusi madeni. Anauliza nyumba inaishi na nini. Akichanganya mavuno ya mwaka mzima na kugawa kwa miezi 12, mama anapata dola 130 kwa mwezi. Chakula, masomo, dawa, sabuni na mbegu vinakula 90. Kumebaki 40. Mshauri akiandika mpango wa dola 60 ili awafurahishe wakopeshaji, mama atauza mbegu, na msimu unaofuata hatalipa kitu. Basi namba ni 40.

Hatua ya pili, hizo 40 zinagawanywa kufuata ukubwa wa kila deni. Koopeki inadai nusu ya jumla, inapata 20. Mfanyabiashara anapata 12. Muso inapata 8. Hakuna anayependelewa, na hiyo ndiyo nguvu ya mshauri akienda kuongea: kila mkopeshaji anaona karatasi ile ile, anaona mwenzake amepewa nini.

Lakini angalieni muso. Riba ya mwezi wa kwanza ni dola 6. Mama akitoa 8, deni linapungua kwa dola 2 tu. Akiendelea hivyo atalipa miezi 29, na atakuwa ametoa karibu dola 227 kwa deni la 120. Kupunguza malipo ya mwezi bila kugusa riba ni kurefusha deni. Kwa hiyo hatua ya tatu, ambayo ndiyo kazi yenyewe ya mshauri, ni kuongea juu ya riba.

Anawaambia nini? Hasemi “mumuhurumie”. Anaonyesha hesabu: nyumba ina 40, haina 90. Mkimfuata kwa nguvu mtapata mbuzi aliyeuzwa bei ya chini, mara moja, na mmoja wenu tu ndiye atafaidi. Mkikubali, kila mmoja anarudishiwa pesa yake yote kwa tarehe zinazojulikana. Kisha anaomba jambo moja kwa kila mmoja: muso isimamishe riba, koopeki iishushe hadi 1 kwa 100, mfanyabiashara akubali awamu. Wakikubali, muso na mfanyabiashara wanamalizwa kwa miezi 15. Zile 20 walizokuwa wanapata zinahamia koopeki, na mwezi wa 16 deni lote limekwisha.

Afrika ya Kusini mshauri ana silaha moja zaidi: kwa mtu aliyechelewa kulipa, riba na gharama za ucheleweshaji haziruhusiwi kupita pesa ya mkopo iliyokuwa imebaki siku alipoanza kuchelewa. Hata pale ambapo kipimo hicho si sheria, ni kizuri kuweka mezani mkiongea na mtu aliyeacha dola 100 zigeuke 300.

Neno moja kwetu wakulima: 40 ni wastani. Mkataba uandike miezi 8 ya dola 25 na miezi 4 ya kahawa ya dola 70. Kwa mwaka ni 480 vilevile, lakini mama hatavunja ahadi mwezi wa njaa. Awamu moja ikikosekana bila taarifa, mkopeshaji ana haki ya kurudi kwenye madai yake ya zamani. Na kama kuna mdhamini, naye awekwe ndani ya mkataba, la sivyo watamfuata yeye.

Sasa malipo ya mshauri. Afrika ya Kusini anaweza kuomba randi 50 za kufungua faili. Awamu ya kwanza ya mpango inakwenda kwake, hadi kiwango kilichowekwa. Baadaye anachukua 5 kwa 100 ya kila awamu kwa miezi 24, kisha 3 kwa 100. Tukiweka hiyo kwa mama wetu: awamu ya kwanza dola 40, kisha dola 2 kila mwezi, jumla karibu dola 70. Si kidogo. Kama zinatoka ndani ya zile 40, mpango unaongezeka karibu miezi 2. Kama mshauri ni mtu wa komite yenu, mnaweza kukubaliana dola 2 za mwezi peke yake, au tiketi ya safari na makaratasi tu. Muhimu iandikwe kabla ya kazi kuanza.

Amerika, tangu 2010, kampuni zinazouza huduma hii kwa simu haziruhusiwi kuchukua malipo kabla ya kupatana na mkopeshaji hata mmoja na mwenye deni kuanza kulipa. Sheria hiyo ililetwa na watu waliochukua pesa na kupotea. Hata huku, mshauri akikwambia “acha kulipa, nipe mimi, nitaongea nao”, usitoe. Pesa iende kwa mkopeshaji au kwa kashie wa koperative, na risiti ibaki kwako. Baada ya wiki moja nenda mwenyewe koopeki, uliza kama wamepata barua yake. Wakisema hawamjui, umejua.

Kwa mkutano ujao, kila mwenye deni aje na karne zake zote, hata deni la duka. Deni lililofichwa ndilo linalovunja mpango, juu mkopeshaji aliyeachwa nje atakuja siku ya mavuno na kuchukua zile 40 za wengine.